Somo: Nukuu ya Kiarabu ndani ya ukurasa wa Kiswahili bila namba kuruka wala maneno kugeuka

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya ukurasa wake: namba imehamia upande wa pili wa nukuu, mabano yamepeana mgongo, nukta imekaa mwanzoni badala ya mwishoni. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo tu.

Mfano wetu ni methali fupi: الصبر مفتاح الفرج. Husomwa *assabru miftahul-faraji*, yaani subira ni ufunguo wa faraja. Hata kama hujui Kiarabu, shika hili tu: الصبر ndiyo subira, linakaa kulia kabisa na linasomwa kwanza. الفرج ndiyo faraja, linakaa kushoto na linasomwa mwisho.

Hatua ya 1. Ongeza kibodi ya Kiarabu kwenye kompyuta. Wa LibreOffice Writer, ingia `Tools`, kisha `Options`, na kwenye sehemu ya lugha weka tiki `Complex text layout`.

Hatua ya 2. Chagua fonti ya Kiarabu peke yake. Programu hizi hutunza fonti mbili kwa maandishi yaleyale: Word huiita ya Kiarabu `Complex scripts`, Writer huiita `CTL Font`. Mimi hutumia Amiri au Scheherazade New, zote ni za bure. Kiswahili kikiwa saizi 11, Kiarabu nakiweka 14, kwa sababu herufi zake huonekana ndogo zikikaa jirani na za Kilatini.

Hatua ya 3. Andika Kiarabu kwa mpangilio wa kusomwa, halafu usikiguse.

Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo nivumilieni. Kijitabu changu cha kwanza nilikipanga kwa programu ya zamani isiyojua mwelekeo wa Kiarabu. Kila neno lilitokea sawasawa, herufi zimeshikana vizuri, lakini maneno yenyewe yalipangwa kuanzia kushoto. Subira ikawa kushoto, faraja kulia. Nikajiona mjanja: nikayakata maneno na kuyabandika upya, faraja kwanza, ufunguo katikati, subira mwisho. Kwa macho ikawa safi kabisa. Baadaye nikaongeza neno moja tu la Kiswahili mwanzoni mwa sentensi, na nukuu ikakatika katikati. Neno lililobaki juu likawa faraja, yaliyoshuka chini yakawa ufunguo na subira. Msomaji wa Kiarabu aliyeanza juu kama kawaida akasoma faraja, kisha subira, kisha ufunguo, na methali ikavurugika. Nakala zote zilikuwa zimeshachapwa.

Basi onyo la kwanza: ndani ya faili, neno la kwanza kusomwa ndilo liwe la kwanza kuandikwa. Kuligeuza kwenda kulia ni kazi ya programu. Kama programu yako haiiwezi, hama programu. Onyo la pili: ukirithi faili la mtu mwingine, usiamini macho. Peleka mshale wa kuandikia mwanzo kabisa wa nukuu, kisha bonyeza Delete, siyo Backspace. Likianza kuliwa neno la kulia kabisa, faili ni zima. Likianza kuliwa la kushoto, kuna fundi alipita hapo kabla yako. Rudisha ulichofuta, kisha andika nukuu yote upya.

Hatua ya 4. Nukuu ndefu ipe aya yake (aya ya maandishi, siyo ya Qur'ani) na uigeuze mwelekeo uwe kulia kwenda kushoto. Kupanga maandishi upande wa kulia sicho kitu hicho: kule unasukuma mstari tu, na nukta ya mwisho itabaki kulia, yaani mwanzoni mwa nukuu. Kitufe cha mwelekeo kina alama ya aya pamoja na mshale. Kwenye Word ya Windows, ukishakuwa na kibodi ya Kiarabu, bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya kulia.

Hatua ya 5. Namba baada ya nukuu. Hii ndiyo inayonijazia kisanduku cha ujumbe. Tazama sentensi hii, nimeiacha makusudi bila dawa:

Methali «الصبر مفتاح الفرج» (12) imo kwenye daftari la pili.

Kwa mpangilio wa kuandika, namba 12 imekuja baada ya nukuu. Skrini yako ikifuata kanuni, utaiona imerukia kushoto, mbele ya nukuu, na alama ya kufunga nukuu imeifuata huko huku imegeuka uso. Programu haijaharibika. Herufi za Kilatini na za Kiarabu kila moja ina upande wake, lakini mabano, nafasi na alama za nukuu hazina, nazo namba huangalia ni herufi gani ya mwisho iliyopita. Hapa iliyopita ni ya Kiarabu, kwa hiyo namba imejihesabu kuwa sehemu ya nukuu, na kila kilichokuwa katikati kimekokotwa nayo.

Dawa ni kuweka herufi isiyoonekana, yenye tabia ya Kilatini, mara tu baada ya alama ya kufunga nukuu na kabla ya nafasi. Kwenye Word ya Windows, na hata kwenye Writer, andika

```
200E
```

kisha bonyeza Alt+X. Tarakimu hizo zitapotea na alama itabaki pale bila kuonekana. Kwenye Writer unaweza pia kuipata `Insert`, `Formatting Mark`, `Left-to-right mark`. Namba itarudi mahali pake hapohapo. Usijaribu kuihamisha namba kwa mkono. Soma tena kilichonipata hatua ya 3.

Hatua ya 6. Nafasi ya mistari. Ukiiachia programu, kila mstari wenye Kiarabu utavimba na ukurasa utaonekana una mawimbi. Weka kipimo kimoja kwa maandishi yote: Word huita `Exactly`, Writer huita `Fixed`. Kwa 11 na 14 mimi huanzia pointi 20. Kisha tafuta neno lenye shada juu na lenye kasra chini, ukuze skrini, uangalie kama irabu hazijakatwa. Zikikatwa, ongeza pointi moja moja.

Hatua ya 7. Peleka PDF kwa mchapaji, kamwe usipeleke faili la kuhaririwa. Asipokuwa na fonti yako, kompyuta yake itaweka nyingine na mistari yote itahama.

MASWALI

Swali: Mkuu somo zuri. Mimi nukta inatokea mwanzoni mwa aya ya Kiarabu. Nimeshabofya kupanga kulia. Nisaidie haraka, kazi ni ya kesho asubuhi.

Jibu: Hatua ya 4, sentensi ya pili.

Swali: Nimesoma lakini bado.

Jibu: Umesoma na bado umebofya kitufe cha kupanga kulia. Kuna vitufe viwili tofauti. Unachotaka kina mshale.

Swali: Samahani mwalimu, nukuu iliyoandikwa sahihi ikikatika mistari miwili, inatakiwa ionekaneje? Kwangu subira iko mwisho wa mstari wa juu, halafu ufunguo na faraja ziko mwanzo wa mstari wa chini, upande wa kushoto. Naogopa imeharibika.

Jibu: Haijaharibika ndugu yangu, ndivyo inavyotakiwa, na umefanya vyema kuuliza kabla ya "kurekebisha". Msomaji humaliza kipande cha juu, kisha hushuka kwenye kipande cha chini na kukisoma kutoka kulia kwake kwenda kushoto, halafu anaruka kurudi kwenye Kiswahili kinachoendelea upande wa kulia. Jicho linaruka mara mbili, na kwa maneno matatu mtu anavumilia. Ndiyo maana nukuu ikizidi maneno matano au sita mimi huitoa nje ya sentensi na kuipa aya yake. Kwa fupi ambayo hutaki ikatike kabisa, weka nafasi isiyovunjika kati ya maneno: Ctrl+Shift+Space, kwenye Word na kwenye Writer. Usifanye hivyo kwa nukuu ndefu. Itashuka yote kwa pamoja na kuacha pengo baya juu.

Swali: Kwani shida yote hii ya nini? Mimi naweka picha ya maneno ya Kiarabu, kazi imeisha.

Jibu: Imeisha kwako. Ukibadilisha saizi ya maandishi, picha inabaki ilivyo. Ukipata kosa la irabu moja, unatengeneza picha upya. Na ikichapwa, picha ya skrini hutoka na kingo zenye ukungu wakati maandishi jirani ni makali. Endelea tu, kitabu ni chako.

Swali: Alama ya mshangao je? Nukuu yangu iko ndani ya sentensi ya Kiswahili, siwezi kugeuza aya nzima, na alama imetokea kulia kwa neno la kwanza.

Jibu: Swali zuri, na nililisahau juu. Alama ya mshangao nayo haina upande. Iko kati ya herufi ya Kiarabu na maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo imefuata mwelekeo wa aya. Hapa unahitaji ndugu yake 200E mwenye tabia ya Kiarabu: weka `200F` mara baada ya alama ya mshangao, kwa Alt+X vilevile. Alama itakuwa imebanwa na Kiarabu pande zote mbili, itakaa kushoto panapostahili. Alama ya kuulizia ya Kiarabu ؟ haina tatizo hili kwa sababu yenyewe huhesabiwa kuwa ya Kiarabu. Wengi wanaolia nayo wameandika ile ya Kilatini.

Swali: Naomba kutoka nje kidogo ya mada. Ninanukuu Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na چ na ڤ zinatoka nene kuliko wenzake.

Jibu: Karibu, hii mada naipenda. Fonti yako haina herufi hizo, kwa hiyo programu imeazima kwa fonti nyingine. Wakati mwingine herufi ya kuazima hukataa hata kushikana na jirani yake. Kabla ya kupanga kitabu chochote, andika پ چ ڤ katikati ya neno, siyo peke yake, uone kama uzito ni mmoja na kama zimeshikana pande zote mbili. Scheherazade New inazo. Usijaribu kuzitengeneza kwa kuiongezea ب au ف vitone.

Mchango: Nami niongeze: nukuu zangu za Kiswahili huwa za mlazo, basi nikalaza na Kiarabu. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini herufi zinaanguka.

Jibu: Mzee kasema kweli. Fonti nyingi za Kiarabu hazina mlazo wake, kwa hiyo programu huzisukuma tu upande, na vitone vinahama kutoka juu ya herufi zake. Kiarabu kiache wima. Mwandiko wenyewe unatosha kumwonyesha msomaji kwamba hapo ni nukuu.