Somo: Damu kuzunguka ubongo kwenye siti skani, tunaifuata mpaka aneurizimu

Wakuu, tusome na kesi moja ya kutunga. Mama wa miaka 46 alikuwa anafua, ghafla kichwa kikampiga kama nyundo, ndani ya sekunde chache maumivu yakafika kileleni, akatapika na shingo ikakaza. Hajaanguka wala kugongwa. Kafika baada ya masaa manne.

1. Anza na siti skani kavu. Usikimbilie kontrasti, maana mishipa iking'aa karibu na ubongo utashindwa kujua ipi damu ipi dawa.

2. Angalia vibwawa vya maji chini ya ubongo. Kawaida ni vyeusi na vina umbo kama nyota, damu mbichi ikiingia nyota inageuka nyeupe. Kwa huyu mama weupe ulikuwa mzito zaidi kwenye ufa wa pembeni, upande wa kushoto. Pitia na vyumba vya maji, vikianza kutanuka ujue njia ya maji imeziba, piga simu kwa wapasuaji fasta.

3. Sasa mishipa. Weka kanula nene kwenye mshipa wa kiwiko, kontrasti ipite kwa mashine kama mililita 4 au 5 kwa sekunde, skani ipigwe dawa ikiwa bado kwenye ateri, vipande vyembamba chini ya milimita 1. Uanzie pale damu ilipo nzito: ikiwa katikati mbele mshuku ateri inayounganisha zile mbili za mbele, ikiwa kwenye ufa wa pembeni nenda njia panda ya ateri ya kati. Na ndipo tulipoikuta aneurizimu, yaani kifuko kilichovimba kwenye ukuta wa ateri, cha milimita 6 chenye shingo nyembamba. Ila usiishie hapo, zungukia mishipa yote, mtu anaweza kuwa na vifuko viwili na ukakosa cha pili kwa furaha ya kupata cha kwanza (mimi yalishanikuta).

MASWALI

Swali: Dokta, mgonjwa kaja siku ya tatu, skani safi, namruhusu?
Jibu: Hapana mkuu. Skani safi tunaiamini zaidi ndani ya masaa 6, baada ya hapo damu inafifia kila siku. Na mwenye upungufu mkubwa wa damu, hata damu mbichi haing'ai vizuri. Mtoe maji ya mgongo, yakiwa na umanjano damu ilimwagika.

Swali: Damu ipo lakini kifuko hakionekani?
Jibu: Vya chini ya milimita 3 vinajificha, hasa vilivyogusana na mfupa wa chini ya fuvu. Apelekwe anjiografia ya katheta, nayo ikiwa safi mara nyingi inarudiwa baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu damu iliyoganda inaweza kukijaza kifuko kisionekane.

Swali: Kope la jicho moja limedondoka na mboni imepanuka, inahusiana?
Jibu: Sana. Nenda moja kwa moja kwenye ateri inayounganisha ya nyuma, upande huohuo wa jicho, kifuko cha pale kinaukandamiza mshipa wa fahamu wa tatu.