Temu imekuwa ndogo, ila mkia bado upo: kukadiria kilichobaki kwenye mfululizo wa p

Juzi jioni kwenye tuisheni yangu hapa Mwanjelwa, ile baridi ya Mbeya inakung'ata hadi vidole, dogo mmoja wa mwaka wa kwanza kaja na laptop anajumlisha 1/n² kuanzia n = 1 kwenda juu. Programu yake inasimama temu ikishashuka mpaka 0.000001, ikampa 1.643935. "Mwalimu, hapa desimali sita zote ziko sawa." Nikamwambia hapana dogo, hata ya tatu imekosea. Euler alishaonyesha mwaka 1735 kwamba jumla hii ni π²/6, yaani 1.644934. Yeye kakomea n = 1000, temu ya mwisho kweli ni moja ya milioni, lakini zilizobaki nyuma yake, huo ndo mkia, hazina mwisho na zikikaa pamoja zinafika karibu 0.001, ambayo ni mara elfu ya ile temu.

Sasa twende taratibu.

Hatua ya 1: angalia p kwanza. Mfululizo wa 1/nᵖ unatulia kwenye namba fulani pale tu p inapozidi 1. Ikiwa p = 1 au chini, jumla inapanda bila kikomo, hivyo hakuna mkia wa kukadiria, acha hapo hapo. Usidanganyike kwa kuangalia kompyuta, 1/n inapanda polepole mno kiasi kwamba utaapa imetulia.

Hatua ya 2: chora. Hii ndo naitaka uielewe, mengine ni kubonyeza tu. Chukulia kila temu ni mbao ya paini kama zile zinazoshuka kutoka Mufindi, upana wake 1, urefu wake 1/nᵖ, umezisimamisha zimegusana kuanzia ndefu kwenda fupi, halafu juu yake unachora mstari wa 1/xᵖ. Mbao ya n ukiiweka kati ya n−1 na n, yote inakaa chini ya mstari, kwa hiyo ukikomea kujumlisha kwenye mbao ya N, mbao zote baada yake hazizidi eneo lililo chini ya mstari kuanzia N. Zisogeze zote kulia hatua moja, sasa zinatokeza juu ya mstari, kwa hiyo hazipungui eneo la kuanzia N+1. Mkia umebanwa pande zote mbili.

Hatua ya 3: eneo lenyewe. Ukiintigreti kuanzia a mpaka usio na mwisho unapata

```
a^(1-p) / (p-1)
```

Weka a = N upate juu, weka a = N+1 upate chini. Kwa p = 2 inakuwa 1/N na 1/(N+1), basi.

Hatua ya 4: usichague upande, kaa katikati. Weka a = N + 0.5, maana yake kila mbao umeisimamisha katikati ya namba yake, nusu kushoto nusu kulia, pale mstari unapozidi upande mmoja na kupungukiwa upande mwingine vinakaribia kufutana. Havifutani kabisa, kwa sababu mstari umebonyea kwa chini, kwa hiyo jibu lako litazidi kidogo sana. Yule dogo angeongeza 1/1000.5 tu kwenye jumla yake angepata 1.644934 na desimali zake sita angezipata kweli.

Ila utamu wake uko kwenye p iliyosogelea 1. Chukua p = 1.1. Ukijumlisha temu milioni moja unapata kama 8.07, temu ya mwisho ni ndogo hata haionekani, na bado mkia ni karibu 2.51! Ukitaka mkia ushuke mpaka 0.01 kwa kujumlisha tu, unahitaji temu 10^30, hiyo kompyuta yako haitamaliza na wajukuu zako hawataona. Sasa tufanye kwa temu 10 tu, hata kalkuleta inatosha:

```python
p, N = 1.1, 10
s = sum(n**-p for n in range(1, N+1))
m = lambda a: a**(1-p)/(p-1)
print(s, s+m(N+1), s+m(N), s+m(N+0.5))
```

Jumla ya temu kumi ni 2.680. Mipaka inasema jibu liko kati ya 10.548 na 10.623, ya katikati inatoa 10.5848. Jibu lenyewe ni 10.5844. Temu kumi zimeipita milioni, na kama nilivyosema limezidi kidogo.

Wengi wanaharibu sehemu moja: wanaweka N kwenye fomula wakati lupu imeishia N−1, kwa sababu `range(1, N)` haifiki N. Utaijua kwa kuongeza N mara mbili: jibu la katikati likihama zaidi ya upana wa mipaka mipya, ile ya N uliyoiongeza, rudi ukahesabu mbao zako.

Na ujanja huu unataka temu chanya zinazopungua bila kurudi juu. Zenye alama za kupishana, jumlisha toa jumlisha toa, huko ndo temu inayofuata inatosha kukuambia kosa halizidi kiasi gani, na nadhani ndiko yule dogo alikoitoa ile sheria yake.