Umepoteza funguo? Badilisha silinda tu. Ila pima kwanza

Swali hili limeulizwa tena na tena, na watu wanaendelea kung'oa kitasa kizima bila sababu. Naandika mara moja, tuwe tunaelekezana hapa.

Somo hili ni la vitasa vyenye silinda: tundu la ufunguo mdogo bapa wenye meno, juu duara, chini mkia. Kama ufunguo wako ni ule mrefu wa kijiti wenye jino moja mwishoni, hicho hakina silinda na somo hili halikuhusu.

1. Fungua mlango, ubaki wazi muda wote wa kazi.

2. Kwenye ubavu wa mlango, chini ya ulimi wa kitasa, kuna skrubu iliyo usawa na silinda. Hiyo ndiyo inayoishika. Usiifungue bado.

3. Pima. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Silinda haipimwi kwa urefu wake wote, inapimwa kwa vipande viwili: kutoka katikati ya skrubu hadi uso wa pleti ya nje, kisha kutoka hapo hapo hadi uso wa pleti ya ndani. Laza rula juu ya pleti ya mkono, ncha yake ipite ukingo wa mlango, halafu kwa rula ya pili pima toka kwenye ile ncha hadi katikati ya skrubu. Rudia upande wa pili. Andika cha nje kwanza.

Mfano: umepata nje milimita 41, ndani 31. Saizi hupanda kwa milimita 5, kwa hiyo unataka 40/30, jumla 70. Ukifika dukani ukasema "nipe ya sabini" tu, unaweza kupewa 35/35. Nayo ni 70! Ukiifunga, nje itazama milimita 6, na shingo ya ufunguo inaweza kugonga pleti kabla meno hayajaingia yote. Ndani itachomoza milimita 4.

Onyo: upande wa nje silinda isichomoze zaidi ya milimita 2 au 3. Ikichomoza, mwizi anaibana kwa koleo na kuivunja katikati, pale kwenye tundu la skrubu, maana hapo ndipo chuma ni chembamba kuliko kote.

4. Fungua skrubu, uitunze. Skrubu inayokuja na silinda mpya inaweza kuwa fupi au ndefu mno kwa kitasa chako.

5. Ingiza ufunguo wa akiba, uzungushe kidogo, kama mshale mfupi unavyotoka 12 kwenda 1, huku ukivuta silinda taratibu. Ikigoma jaribu upande wa 11. Usiigonge kwa nyundo.

6. Ingiza mpya kwa namna hiyo hiyo, kaza skrubu bila kuilazimisha, kisha funga na fungua kwa ufunguo, nje na ndani, mlango ukiwa bado wazi.

MASWALI

Mpangaji wa Mbagala: Mlango wangu wa mbao, ninunue saizi gani?

Mwandishi: Hatua ya 3. Unene wa mbao na wa pleti unatofautiana nyumba na nyumba.

Mpangaji wa Mbagala: Sina rula, si unikadirie tu?

Mwandishi: Hapana. Azima rula.

Dada wa Tanga: Samahani kaka, kwa nini lazima ufunguo uzungushwe ndipo itoke? Skrubu si imeshatoka?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Katikati ya silinda kuna kidole cha chuma, ndicho kinachosukuma ulimi wa kitasa. Ufunguo ukichomolewa, kidole hubaki kimechomoza pembeni, kikakwama ndani ya kitasa. Ukizungusha kidogo kinajificha sambamba na mkia, silinda inapita. Ndiyo maana aliyepoteza funguo zote hawezi kuichomoa hivi hivi. Kama upande wa ndani una kinobi cha kuzungusha kwa mkono, tumia hicho badala ya ufunguo. Kama hakipo, ita fundi atoboe pini kwa drili. Silinda inaharibika, kitasa kinabaki kizima.

Dada wa Tanga: Asante. Basi nikinunua mpya nichukue ya kinobi?

Mwandishi: Kwa mlango wa mbao mzima, naam. Usiku moto ukitokea hutafuti ufunguo gizani. Ila kama mlango una kioo karibu na kitasa, mtu atavunja kioo na kuzungusha kinobi, hapo chukua ya ufunguo pande zote.

Fundi alumini: Niongezee: ufunguo ukiwa mgumu msimwage mafuta ya kupikia, yanashika vumbi na pini zinaganda. Saga risasi ya penseli, paka kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa.

Mwandishi: Kweli kabisa, fundi. Hasa huku pwani kwenye chumvi.

Baba Neema: Nimenunua 35/35, imezama nje. Duka wamekataa kurudisha. Somo lako halijasaidia.

Mwandishi: Ulipima nje ukapata ngapi?

Baba Neema: Sikupima, ya zamani ilikuwa 70.