SOMO: Kazi imeganda kwenye foleni ya printa, inaandika Deleting na haifutiki

Habari zenu wakuu. Leo tuongelee ile hali ya Windows ambapo umetuma kazi, ikakwama, ukabonyeza Cancel, ikaandika Deleting halafu ikabaki hivyo hivyo, na kila unachotuma baada ya hapo kinapanga mstari nyuma yake. Wengi wanazima printa na kuwasha, wanarestati kompyuta, wakirudi wanaikuta palepale.

Sababu ni kwamba kazi ile haipo kwenye printa, ipo kwenye diski yako. Ukituma kazi, sevisi inayoitwa Print Spooler inaandika mafaili mawili kwenye folda hii:

```
C:\Windows\System32\spool\PRINTERS
```

Moja linaishia na .SPL, hilo ndio lenye kurasa zenyewe, na jingine .SHD lenye maelezo ya kazi, yaani nani katuma, printa ipi, kopi ngapi. Spooler ikiwaka inasoma folda hiyo na kurudisha kila inachokikuta kwenye foleni, ndio maana kurestati peke yake mara nyingi hakusaidii. Faili likiwa limeharibika, labda umeme ulikatika katikati au diski ilijaa, spooler inalishikilia, haiwezi kulimaliza wala kulifuta.

Kwa hiyo tunaizima kwanza, tunafuta mafaili, ndio tunaiwasha. Mpangilio huo usiuvuruge, maana ukijaribu kufuta ikiwa inafanya kazi Windows itakwambia faili linatumika.

Hatua ya 1. Zima printa kwa swichi yake na chomoa waya wa USB. Printa nayo ina memori yake, inaweza kuwa imebaki na nusu ya kazi, ukiisahau itakuja kutema makaratasi yenye herufi za ajabu.

Hatua ya 2. Kwenye Start andika cmd, bonyeza kulia kwenye Command Prompt, chagua Run as administrator. Ukifungua kawaida utapata "System error 5 has occurred. Access is denied." na hapo hujafanya kitu. Halafu andika:

```
net stop spooler
```

Subiri mpaka iseme "The Print Spooler service was stopped successfully." ndio uendelee.

Hatua ya 3. Futa vilivyomo:

```
del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
```

Ukipenda kwa macho, fungua folda yenyewe, ikiomba ruhusa bonyeza Continue, utaona vitu kama 00014.SPL na 00014.SHD. Futa vyote vilivyo ndani ila folda yenyewe ya PRINTERS iache. Na jueni kwamba hapa zinaondoka kazi zote za printa zote za kompyuta hiyo, kwa hiyo kama kuna za wateja zinazosubiri ziandike pembeni uzitume upya.

Hatua ya 4. Washa:

```
net start spooler
```

Chomeka USB, washa printa, fungua foleni uone iko tupu, halafu tuma ukurasa mmoja tu wa kujaribu.

Maswali

Mkuu mimi net stop inagoma, inasema "could not be stopped", nifanyeje?
Fungua services.msc kama admini, tafuta Print Spooler, kwenye Startup type weka Disabled, bonyeza Apply. Kisha kwenye cmd:

```
taskkill /F /IM spoolsv.exe
```

Ile Disabled ni muhimu kwa sababu ukiiua tu Windows huwa inaiwasha tena yenyewe kabla hujafuta. Ukishafuta rudisha Automatic ndio uwashe, ukisahau hapo hutaprinti kabisa.

Kaka, ofisini printa iko kwenye kompyuta ya sekretari sisi tunatumia kwa netiweki. Nimefanya kwangu foleni bado imeganda.
Nenda kafanye kwa sekretari. Printa ikishearishwa kazi inakaa kwenye kompyuta yenye printa, ya kwako ni ya kutumia tu.

Nafuta inapona ila mteja akileta PDF fulani inaganda tena, ile ile kila siku.
Hapo tatizo ni hiyo PDF au draiva. PDF yenye picha za skana inaweza kuwa ndogo kwenye flashi lakini ikifika kwenye spooler inavimba mara nyingi zaidi, angalia saizi ya .SPL utaona, na angalia pia C kama ina nafasi. Kwenye Adobe Reader ukiprinti ingia Advanced, tiki Print As Image, ujaribu kurasa chache chache. Kama hata faili la Word la kurasa 2 linaganda, toa draiva yote uweke mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa printa yako.