Patografu: X ya kwanza inakaa wapi, na ikivuka mstari ufanye nini

Wanafunzi wa ukunga wakija leba wananionyesha slaidi zao kwenye simu, na karibu zote zina fomu iliyoshajazwa mpaka mwisho, X zimejipanga vizuri na mtoto keshazaliwa. Ndo maana ukimpa mtu fomu tupu anakwama. Tuijaze moja pamoja, ile ya WHO inayoanzia sentimita 4 ambayo bado inafundishwa sana.

Hatua ya 1: Njia iwe imefika sentimita 4

Chini ya hapo usianze kuchora. Jaza jina, mimba ya ngapi, chupa imepasuka saa ngapi. Kwa wino, sio penseli.

Hatua ya 2: X ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo maana ikikaa vibaya, kila kitu kinachofuata kinadanganya. Mstari wa tahadhari unaanzia sentimita 4 unapanda mpaka 10, sentimita moja kila saa. Mstari wa kuchukua hatua uko sambamba nao, masaa manne kulia.

Tuseme mama wa mimba ya kwanza umempima saa 2 asubuhi, njia sentimita 5. X yake haiendi kule mwanzo kabisa kushoto, inakaa juu ya mstari wa tahadhari pale unapokutana na sentimita 5. Ndo unashuka wima mpaka safu ya muda unaandika 08:00. Ukiiweka pembeni kushoto umempa lisaa limoja la bure, uchungu unaochelewa utaonekana unaenda sawa tu na mstari wa kuchukua hatua utaufikia umechelewa.

Na muda andika 08:00, usiandike "saa 2", maana akipewa rufaa atakayempokea usiku hatajua ni saa 2 ipi. Angalia saa ya ukutani, wote wa zamu mtumie hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Vipimo vingine

Mapigo ya mtoto kila nusu saa. Kichwa kipime kwa mkono tumboni kabla ya kupima njia, andika O kwa sehemu za tano zinazoshikika juu ya nyonga. Mikazo hesabu kwa kiganja tumboni dakika 10 kamili, usimuulize tu mama. Chini ya sekunde 20 ni nukta, 20 mpaka 40 mistari ya mshazari, zaidi ya 40 jaza kisanduku chote.

Hatua ya 4: Mstari ukivukwa

Njia inapimwa kila masaa manne, so mama yetu unampima tena 12:00. Ilitakiwa iwe 9, umekuta 7. X imeangukia kulia kwa mstari wa tahadhari. Hiyo peke yake sio sababu ya kumpeleka kisu wala kukimbilia dripu ya oksitosini, inakwambia tafuta kwa nini.

Ukikuta mikazo miwili tu kwa dakika 10, ya sekunde 25 hivi, kichwa kinashuka, mapigo ya mtoto mazuri, basi nguvu ya kizazi ndo ndogo: akojoe, anywe, atembee, apimwe tena baada ya masaa mawili. Ila ukikuta mikazo minne mikali, kichwa bado 4/5 na mifupa ya kichwa imepandana sana, hapo njia imezibwa, na oksitosini ni hatari, hasa kwa aliyezaa mara nyingi, kizazi kinaweza kupasuka.

Kama uko zahanati au kituo kisichofanya upasuaji, anza mipango ya rufaa hapo hapo kwenye tahadhari. Yale masaa manne madaktari Philpott na Castle waliyaweka kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kazi yao ikachapishwa 1972, ili mama apate muda wa kusafirishwa kutoka vituo vya pembeni. Sio muda wa kusubiri.

14:00 umepima, bado 7. Hesabu: X imetua juu kabisa ya mstari wa kuchukua hatua. Daktari awe kitandani aamue, aongezewe nguvu au apasuliwe, na uamuzi uandikwe na saa yake.

Kama mnatumia fomu mpya

Ya WHO ya 2020 inaanzia sentimita 5 na haina mistari hii miwili, maana imeonekana wanawake wengi hawafunguki sentimita moja kila saa na bado wanajifungua salama. Kila sentimita ina kikomo chake: 5 ni masaa sita, 7 ni masaa matatu. Kwa hiyo mama yuyu huyu saa 12:00 asingehesabiwa kachelewa, ila akibaki kwenye 7 mpaka 15:00 unamwita daktari.