SOMO: Jinsi ya kukataa mwaliko wa sendofu bila kununiwa

Habari za jumapili wapendwa. Mwezi huu nimefuatwa piemu mara sita na swali hilohilo, nimepewa kadi ya sendofu ya rafiki yangu na siwezi kwenda, nimwambieje. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia hii.

Naongelea shughuli zetu hizi za Dar zenye kamati na ukumbi, chakula kinalipiwa kwa kichwa. Besidei ya sebuleni tuma mesej yaishe.

1. Angalia umeshika kadi gani. Ya mchango inaomba hela, siyo mwaliko. Ya mwaliko inakuja baadaye, imeandikwa singo au dabo. Kuna watu wanakataa kualikwa kabla hawajaalikwa.

2. Piga simu, kwa mwenye shughuli mwenyewe. Siyo kwenye grupu la kamati.

3. Sema hapana inayosikika. Hapa ndo niliharibu. Shoga yangu tangu fomu wani aliniletea kadi ya dabo mpaka mlangoni, na mimi jumamosi hiyo nilishajua nampeleka mama Singida, tiketi za basi nimeshakata, lakini nikaona aibu kumkatalia usoni nikamwambia "nitajitahidi shoga, tuombe uzima". Mimi nilimaanisha siji, yeye akasikia nakuja. Akaniweka meza ya pili toka mbele na akaniandika kwenye orodha ya wanaolishwa keki. Siku ya siku emsii kaita jina langu mara mbili, bibi harusi mtarajiwa kasimama na kipande cha keki kwenye kijiti, taa ya kamera inammulika, mtu hatokei, mwisho akalishwa binti wa jirani. Ipo kwenye video mpaka leo, nimeiona kwa macho yangu. Miezi minne hakupokea simu yangu.

Kwa hiyo "nitajitahidi", "tutaona" na "Mungu akipenda" kwa mwenye shughuli zote ni ndiyo. Na usiseme unaumwa, watakuja kukuona na uji. Sababu moja ya kweli inatosha, ukitoa tatu zinaanza kunuka. Mimi sasa hivi nasema hivi: "Shoga kadi nimeipata, nimefurahi umenikumbuka. Jumamosi hiyo sitakuwepo, nampeleka mama Singida. Nafasi yangu mpe mtu mwingine. Mchango wangu uko palepale, na jumatano nakuja kwako kuliona gauni." Halafu unanyamaza, akilalamika mwache alalamike.

Yote haya kabla kamati haijapeleka idadi kwa mpishi. Muulize katibu ni lini. Ukisema baada ya hapo sahani zako mbili zimeshalipiwa, hata ukiongea kwa upole kiasi gani.

4. Kadi irudishe. Usimpe mdogo wako kimyakimya, mlangoni wanaangalia majina.

5. Mchango ulioahidi lipa.

6. Hiyo jumatano uliyosema, nenda kweli.

MASWALI

kijiwe_tabata: Mesej ya watsapu si inatosha tu?

Mwandishi: Namba 2.

kijiwe_tabata: Ndefu sijasoma yote

Mwandishi: Basi usikatae, nenda tu ukale.

Mama Pacha: Dada mi sababu yenyewe ni hela, mchango sina na naona aibu kwenda mikono mitupu. Nimdanganye nina safari?

Mwandishi: Usimdanganye mpenzi, safari ya uongo utaulizwa umeleta nini. Mfuate yeye peke yake, kamati haihusiki, mwambie mwezi huu umenibana mchango sina ila nina mikono, nipe kazi. Siku za kabla kuna kuchambua mchele, kusambaza kadi, kupeleka vitambaa kwa fundi. Aliyekuja kuchambua mchele asipoonekana ukumbini hakuna anayemsema. Na kama uliahidi kiasi ukashindwa, mwambie mweka hazina mapema akupunguzie, asiwe anakutaja kila kikao.

mzee_wa_pwani: Yaani mtu mzima anuniwe miezi minne kisa keki? Chumvi hiyo

Mwandishi: Siyo keki kaka, ni kuitwa kwenye maiki mbele ya wakwe. Ungekuwa wewe na kijiti mkononi ungejua.

neema_k: Je kama nishanunua kitambaa cha sare? Kukataa bado inafaa?

Mwandishi: Swali zuri, nilisahau. Inafaa, ila kwenye simu ileile ya kukataa mtaje na mtu unayemwachia kitambaa. Kila sare ina mtu aliyechelewa kulipia akakuta kimeisha, mwenye shughuli anamjua. Ila kama umeshakikata usikivae kwenye shughuli nyingine wiki hiyohiyo ukapiga picha, tafadhali.

neema_k: Hahaha sijakata. Ni zambarau, mita tatu.

Mama Pacha: Zambarau ya kung'aa au ile iliyopoa? Mdogo wangu anatafuta ya kung'aa, njoo piemu