Somo: Kuandaa ajenda ya kikao kisichozidi dakika 75

Somo hili linawahusu makatibu na wenyeviti wa kamati ndogo. Mfano tutakaoutumia ni kamati ya shule ya msingi yenye wajumbe 11, kwa sababu wengi humu ama ni walimu wakuu, ambao ndio makatibu wa kamati hizo, ama ni wazazi waliochaguliwa. Kamati ya maji au ya msikiti itafuata njia hiyohiyo.

Ajenda tulizozizoea huandikwa hivi: 1. Kufungua kikao. 2. Kusoma na kuthibitisha muhtasari. 3. Yatokanayo. 4. Taaluma. 5. Chakula. 6. Vyoo. 7. Mengineyo. 8. Kufunga. Mjumbe akiiona anajua kutazungumzwa nini, ila hajui anatakiwa afanye nini. Neno "Chakula" linaruhusu malalamiko kuhusu mpishi, historia ya michango na habari ya kuni zilizoibwa mwaka juzi. Wanaosema hayo wote wako ndani ya ajenda, na mwenyekiti hana pa kuwakatizia.

Hatua ya 1: Kila ajenda ipewe kitenzi na swali

Vitenzi vinavyotosha ni vitatu: kuamua, kujadili, kupokea. Kuamua maana yake ni kutoka na azimio linaloandikwa. Kujadili ni kukusanya mawazo ili mtu fulani akaandae pendekezo la kikao kijacho. Kupokea ni kupewa taarifa tu. Ukishaweka kitenzi, andika swali ambalo kikao kitalijibu. "Chakula" sasa inakuwa: "Kuamua: mahindi ya muhula tununue yote sasa au kwa awamu mbili?"

Usipoweza kuandika swali, ajenda hiyo haijaiva, iache. Likitoka swali lenye "na" katikati, kwa mfano "tununue lini na nani awe mzabuni", hizo ni ajenda mbili. Zitenganishe, maana hapo ndipo dakika hupotea bila mtu kujua: nusu ya wajumbe wanajibu swali la kwanza, nusu la pili.

Ajenda za kupokea nyingi hazihitaji kikao. Idadi ya wanafunzi waliohamia au ratiba ya mitihani iandikwe kwenye kabrasha, yaani karatasi za kikao wanazopewa wajumbe mapema, na mwenye swali aulize.

Hatua ya 2: Kabrasha, ukurasa mmoja kwa kila uamuzi

Kabrasha ndilo linalofupisha kikao, kuliko hata saa ya ukutani. Ukurasa mmoja uliochapwa humeza dakika tatu hadi nne ukisomwa kwa sauti. Kabrasha la kurasa sita likisomwa kikaoni, dakika 18 hadi 24 zimekwisha kabla mtu hajatoa hoja.

Ukurasa wa uamuzi uwe na mambo manne: swali, hesabu, njia zilizopo (mbili au tatu, si zaidi) na pendekezo la aliyeandaa. Huu hapa mfano wa mahindi. Bei ni za kujifunzia, weka za soko lako:

> Swali: Mahindi ya muhula tununue yote sasa au kwa awamu mbili?
> Mahitaji: wanafunzi 420 × gramu 150 = kilo 63 kwa siku. Siku 60 = kilo 3,780, sawa na gunia 38 za kilo 100.
> Hali: stoo yetu inabeba gunia 20. Michango iliyopo ni sh. 2,400,000.
> Njia A, yote sasa: gunia 38 × sh. 80,000 = sh. 3,040,000. Kukodi stoo ya jirani miezi 3 = sh. 90,000. Jumla sh. 3,130,000. Tunapungukiwa sh. 730,000, mfanyabiashara amekubali kusubiri siku 30.
> Njia B, awamu mbili: gunia 20 sasa = sh. 1,600,000. Gunia 18 baadaye, bei ikipanda hadi sh. 110,000 = sh. 1,980,000. Jumla sh. 3,580,000. Hakuna deni kwa sasa, ila awamu ya pili itahitaji michango mipya ya sh. 1,180,000.
> Pendekezo la katibu: Njia A.

Angalia kilichofanyika hapo. Ubishi wa "gunia ngapi" umeshamalizwa na hesabu, na kilichobaki kwa wajumbe ni jambo moja: tuingie deni la sh. 730,000 ili tuokoe sh. 450,000, au hapana? Hilo linastahili watu 11 kukaa pamoja. Kuzidisha 420 kwa 150 halistahili.

Pendekezo liandikwe hata kama katibu anaona haya. Kikao kisicho na pendekezo mezani huanza kwa kulitafuta, na nusu saa huishia hapo.

Kabrasha litoke siku tatu kabla. Likitoka wiki nzima mapema linasahaulika. Likitoka usiku wa kuamkia kikao halisomwi. Wenye simu janja watumie kwenye kundi la WhatsApp kama PDF, si picha nane za kurasa zilizopinda. Asiye na simu hiyo apelekewe nakala, na asiyesoma vizuri apigiwe simu asomewe swali na zile njia mbili. Ni mazungumzo ya dakika tano. Jambo la siri, kama utovu wa nidhamu wa mwanafunzi mwenye jina, lisiingie kwenye kundi kabisa. Kwenye ajenda andika "Kuamua: shauri la nidhamu, karatasi itatolewa kikaoni".

Hatua ya 3: Dakika zitokane na idadi ya midomo

Wengi huandika "dakika 10" kila mahali kwa kukisia. Hesabu hivi: kwa ajenda ya kuamua, kila mjumbe mpe dakika mbili, kisha ongeza tatu za kufunga hoja na kuandika azimio. Wajumbe 11 ni dakika 22, jumla 25. Kwa ajenda ya kujadili, nusu yao ndiyo husema, hivyo 12 hadi 15 zinatosha. Ndiyo maana kikao cha dakika 75 kinabeba uamuzi mmoja mzito, labda miwili. Ukiwa na minne, hata ukiandika dakika nzuri kiasi gani, ukianza saa nne asubuhi utapita saa sita mchana.

Ajenda yetu inakuwa hivi:

- 4:00 Kufungua, kuhakiki akidi (dk 5)
- 4:05 Kuthibitisha muhtasari, masahihisho tu (dk 5)
- 4:10 Kuamua: mahindi yote sasa au awamu mbili? Kabrasha uk. 1 (dk 25)
- 4:35 Kujadili: fundi wa vyoo tumchague kwa vigezo gani? Uk. 2 (dk 15)
- 4:50 Kupokea: mapato na matumizi, maswali tu. Uk. 3 (dk 10)
- 5:00 Yatokanayo: yaliyokwama tu. Uk. 4 (dk 10)
- 5:10 Kusoma maazimio, kufunga (dk 5)

Yatokanayo nimeyashusha chini kwa makusudi. Yakikaa juu kama ilivyo desturi, kikao cha leo kinageuka marudio ya kikao kilichopita. Yawekwe kwenye jedwali: kazi, mhusika, imefanyika au bado. Yaliyofanyika hayazungumzwi.

Mengineyo hayamo. Mwenye jambo alilete kwa katibu siku moja kabla ya kabrasha kutoka. Dharura ya kweli, mfano paa limeezuliwa na upepo, inaombewa nafasi mwanzoni, na mwenyekiti anasema ajenda ipi inaipisha.

Hatua ya 4: Muda ukiisha

Mteue mtunza muda asiye mwenyekiti. Zikibaki dakika tano anasema kwa sauti, "Dakika tano." Hapo mwenyekiti anarudia swali kama lilivyoandikwa na kuuliza nani bado hajasema. Muda ukiisha, njia ni tatu tu: kuamua pale pale, kuongeza dakika 10 na kutaja ajenda inayoahirishwa, au kuwapa watu watatu walimalize na kuleta jibu kwa tarehe inayotajwa. "Tuendelee kidogo" si mojawapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwalimu mkuu): Asante kwa somo, mwalimu. Kwetu kabrasha linatumwa na hawalisomi. Siku ya kikao wanasema "tusomee".

Jibu: Ukiwasomea mara moja, umewafundisha kutokulisoma. Ajenda ya uamuzi ikifika, toa dakika nne za kusoma kimya, ukurasa huo mmoja tu, kisha nenda moja kwa moja kwenye hoja. Dakika hizo zitoke ndani ya zile 25. Kagua pia urefu: kurasa tatu kwa uamuzi mmoja hazisomwi na mtu, hata mimi.

Swali (mjumbe, mzazi): Shikamoo mwalimu. Mtendaji wa kijiji akija hupewa nafasi ya salamu, na salamu zinachukua dakika 40. Nani atamkatiza?

Jibu: Marahaba. Hakatizwi mtu mzima mbele za watu. Mwenyekiti amwone kabla, ampe ajenda yenye mstari "Salamu za mtendaji, dk 5", na amwambie ni jambo gani wajumbe wanasubiri kulisikia kwake. Wengi huzungumza kirefu kwa sababu hawakuambiwa wazungumze nini. Ziweke mwishoni, kabla ya maazimio, na punguza dakika hizo tano kwenye yatokanayo.

Swali (mweka hazina): Mapato na matumizi dakika 10, tena bila kusomwa? Kwetu watasema tunaficha.

Jibu: Hofu ya haki, dada. Ndiyo maana sikuiondoa kikaoni kama taarifa nyingine. Bandika ukurasa huo kwenye ubao wa matangazo siku ileile kabrasha linapotoka, na uje na daftari la risiti mezani. Kinachozua shaka ni tarakimu za jumla: "matumizi mengine sh. 310,000" itakula dakika zote 10 peke yake. Ivunje: kuni, chumvi, nauli ya kufuata mahindi. Likitokea swali linalohitaji kupekua risiti nyingi, wateuliwe wawili wabaki nawe baada ya kikao na waandike walichokiona.

Swali (katibu, kamati ya maji): Nimejaribu mpango huu, lakini ajenda ya kwanza ilimaliza muda wote. Iliandikwa "Kuamua: bei mpya ya ndoo na usimamizi wa vituo".

Jibu: Ndugu katibu, ile "na" ndiyo iliyokukwamisha. Bei ya ndoo ni hesabu, inahitaji ukurasa wenye gharama za umeme na matengenezo. Usimamizi wa vituo ni habari ya watu, na watu wakitajwa hakuna anayerudi kwenye hesabu. Tanguliza bei. Usimamizi ulete kikao kijacho kama ajenda ya kujadili.

Swali (mwenyekiti): Wajumbe wanne hufika saa nne na nusu kila mara. Nianze bila wao?

Jibu: Akidi ikitimia anza. Isipotimia huwezi kupitisha azimio, ila unaweza kutanguliza ajenda ya kujadili au maswali ya fedha huku mkisubiri, na katibu aandike kwenye muhtasari saa ambayo akidi ilitimia. Aliyechelewa asirudishiwe yaliyopita. Apewe kabrasha aendelee kutoka mlipofika.